Kilo ya ndege na CBM ya meli: mikoba yangu nipandishe wapi?

*"Shikamoo. Nauza mikoba midogo ya kike na kava za simu Kariakoo, mzigo nanunua Guangzhou. Wakala wangu anatoza dola 13 kwa kilo kwa ndege na dola 420 kwa CBM kwa meli, kodi na kutoa mzigo humo humo. Siku zote nimeambiwa mzigo mwepesi upande ndege, mzito upande meli. Juzi nikapandisha katoni moja ya mikoba kwenye ndege, mizani ikasoma kilo 9, nikalipishwa kilo 22.5. Nimeibiwa? Sasa nina katoni 6 za mikoba godauni (sm 60 kwa 50 kwa 45, mikoba 40 kila moja, kilo 9) na katoni 2 za kava (sm 50 kwa 40 kwa 35, kava 400, kilo 18). Nizipeleke kwa njia gani?"*

Marahaba. Hukuibiwa. Zidisha vipimo vya katoni yako mwenyewe, 60 kwa 50 kwa 45, utapata sentimita za ujazo 135,000. Gawa kwa 6,000. Jibu ni 22.5, na hizo ndizo kilo ulizolipa. Wakala amefuata kanuni ya kawaida ya mizigo ya ndege duniani. Kosa lake, kama ni lake, ni kutokukueleza kanuni hiyo kabla hujamkabidhi mzigo.

Ndege ina mipaka miwili. Kuna uzito ambao ikiuzidi hairuki, na kuna nafasi ambayo ikijaa haiongezeki. Boeing 777 ya mizigo, kwa mfano, hubeba takriban tani 100 na ina nafasi ya takriban mita za ujazo 650. Ukigawa, utaona kila mita moja ya ujazo ina haki ya kilo kama 155 hivi. Mtu akiijaza ndege hiyo mikoba mitupu, nafasi itaisha ikiwa na tani arobaini na kitu tu, na shirika litakuwa limerusha ndege nzima kwa nauli isiyofika nusu. Kwa hiyo mashirika yamekubaliana kwamba kila mita ya ujazo ihesabiwe kuwa na kilo 167 angalau. Mzigo ukiwa mzito kuliko hapo, unalipia mizani. Ukiwa mwepesi kuliko hapo, unalipia nafasi iliyogeuzwa kuwa kilo. Kanuni yenyewe ni hii, na uiandike nyuma ya daftari lako:

urefu × upana × kimo (kwa sentimita) ÷ 6,000 = kilo za ujazo

Linganisha jibu na mizani. Namba kubwa ndiyo utakayolipia. Kampuni za vifurushi vya haraka, zile zinazoleta mpaka mlangoni, kwa kawaida hugawa kwa 5,000 badala ya 6,000. Kwao katoni yako ingekuwa kilo 27. Muulize wakala anagawa kwa ngapi kabla hujauliza bei ya kilo. Dola 12 kwa anayegawa kwa 5,000 ni ghali kuliko dola 13 kwa anayegawa kwa 6,000: katoni yako ingetoka dola 324 kwa huyo wa "rahisi" na dola 292.50 kwa huyo wa "ghali".

Meli nayo ina mipaka hiyo hiyo miwili, ila imekaa kwingine. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo kama 33, na kwa katoni zinazopangwa kwa mkono huingia kama 28. Uzito linaoweza kubeba unakaribia tani 28. Kwa hiyo melini mita moja ya ujazo ina haki ya tani nzima, na kawaida ya mizigo ya kuchanganya ni kwamba unalipia CBM, yaani hiyo mita ya ujazo, mpaka uzito ufike kilo 1,000 kwa kila CBM. Ukizidi hapo, unaanza kulipia tani. Baadhi ya mawakala wetu huweka kikomo chao chini zaidi, na hilo linamhusu sana anayeleta vigae, nati au vyuma. Wewe halikugusi. Katoni za mikoba yako zina kilo 67 tu kwa CBM, na za kava zina kilo 257. Kwa meli, zote zitalipiwa nafasi.

Sasa tuje kwenye huo msemo wa mwepesi ndege, mzito meli. Nusu yake ya pili ni kweli. Nusu ya kwanza ndiyo imekugharimu. Chukua bei zako mwenyewe uzipeleke kwenye kipimo kimoja. CBM moja kwa meli ni dola 420. CBM moja kwa ndege, hata ukiijaza manyoya ya kuku, itahesabiwa kilo 167, na kwa dola 13 hiyo ni takriban dola 2,167. Maana yake ni kwamba kila kitu chepesi, kiwe mikoba, mito, kofia au midoli ya manyoya, kwa wakala wako ndege ni mara tano na ushee ya meli. Hakuna wepesi utakaoishusha chini ya hapo. Na mzigo ukiwa mzito kuliko kilo 167 kwa CBM, pengo linapanuka: CBM moja ya kava zako ingekuwa na kilo 257, sawa na dola 3,340 hivi kwa ndege, karibu mara nane ya meli.

Kwa hiyo wepesi hauipi ndege nafuu yoyote, na ukitafuta mzigo ambao kwake ndege ni rahisi kuliko meli kwa bei hizi, hutaupata. Isipokuwa kimoja: kifurushi kidogo mno. Mawakala wa meli wengi wana kiwango cha chini cha kutoza, hata kama umeleta boksi la kiatu. Akikutoza kima cha chini cha dola 60, mzigo wa kilo 3 kwa ndege utakuwa dola 39. Hapo tu ndipo ndege inashinda kwa bei. Kwingine kote, ukipandisha ndege unanunua muda, na swali la kujiuliza ni kama muda huo utakurudishia pesa uliyoitoa.

Hilo huwezi kulijibu kwa kilo wala kwa CBM. Mteja wako hanunui kilo ya mikoba, ananunua mkoba mmoja. Basi gawa nauli kwa idadi ya vitu.

Anza na mikoba. Katoni 6 zina CBM 0.81. Kwa meli ni dola 340, na ukigawa kwa mikoba 240 unapata dola 1.42 kila mkoba. Kwa ndege ni kilo 135 za ujazo, dola 1,755, yaani dola 7.31 kila mkoba. Hukuniambia unanunua kwa bei gani, kwa hiyo nitaweka namba za mfano na wewe uweke zako. Tuseme mkoba umeununua dola 4, gharama zako nyingine za duka na usafiri wa hapa mjini ni nusu dola, na unauza jumla kwa shilingi zinazolingana na dola 8.50. Kwa meli unabaki na dola 2.58. Kwa ndege unapata hasara ya dola 3.31 kila mkoba. Hapa hakuna cha kujadili. Hata sikukuu ikiwa wiki ijayo, mkoba huo hauwezi kubeba nauli ya ndege, labda uuze mara moja na nusu ya bei yako ya sasa, na Kariakoo jirani yako hatakuruhusu.

Kava ni hadithi nyingine, na hapa ndipo ningependa ukae kidogo na kalamu. Katoni mbili zina CBM 0.14 na kilo 36. Kwa meli ni dola 58.80, senti 7 kwa kila kava. Kwa ndege ni dola 468, senti 59 kwa kila kava. Ukitazama uwiano, ndege imekuwa mbaya zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye mikoba. Lakini ukitazama kava moja mkononi, tofauti ni senti 51, wakati kwenye mkoba tofauti ilikuwa karibu dola 6. Senti 51 kuna kava zinazoweza kuzibeba.

Tuseme kava umenunua senti 80, gharama nyingine senti 10, unauza jumla dola 2. Kwa meli faida ni dola 1.03 kila kava, na kwa zote 800 ni kama dola 821. Kwa ndege ni senti 51 na nusu, jumla dola 412. Nusu kabisa. Wengi huishia hapo na kusema meli imeshinda. Subiri kwanza, hesabu na siku. Tuseme mzigo wa meli unakuchukua siku 45 tangu ukabidhi godauni mpaka uupokee, na wa ndege siku 10, kisha kuuza kunachukua siku 30. Pesa yako ikipita melini inakaa siku 75 kabla ya kurudi mfukoni, ikipita angani siku 40. Gawa faida kwa siku: meli inakupa kama dola 10.95 kwa siku, ndege dola 10.30. Zimekaribiana sana, ingawa ukitazama faida ya mzigo mmoja ungedhani moja imeiacha nyingine mbali.

Ila hesabu hiyo ya siku ina masharti mawili, na ukiyasahau itakudanganya. La kwanza, pesa ikirudi mapema lazima uwe na kitu cha kuinunulia tena na soko la kukipokea. Kama wateja wako wananunua kava 800 kwa miezi miwili na hawaongezi, kurudi kwa pesa siku ya 40 hakukusaidii kitu, na meli ndiyo sahihi. La pili, ndege inameza mtaji mkubwa zaidi kwa mzigo ule ule. Kava zile zile 800 zinakufungia kama dola 780 ukipitisha melini, na karibu dola 1,190 ukipitisha angani. Kama mtaji wako wote ni dola 2,000, hiyo tofauti ya dola 400 na kitu ni mzigo mwingine ambao hukuununua.

Kinachoamua kabisa kava ni bei yake itakuwaje wakati unasubiri. Simu mpya ikitoka, kava zake za kwanza zinauzwa kwa bei ya aliye nazo. Baada ya wiki sita kontena za kila mtu zimefunguliwa na kava hizo hizo zinatembezwa barabarani. Tuseme bei ya jumla imeshuka kutoka dola 2 hadi dola 1.50 wakati mzigo wako wa meli unafika. Faida yako inakuwa kama dola 421 kwa zote, ndani ya siku 75, yaani dola 5.60 kwa siku. Aliyetumia ndege aliuza kwa dola 2, akapata dola 412 kwa siku 40. Hapo ndege imelipa karibu mara mbili. Lakini kava za simu ambazo ziko mikononi mwa watu kwa miaka miwili sasa, bei yake haiendi popote wiki hizo sita, na hakuna sababu ya kuzirusha.

Ndiyo maana ukienda uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, upande wa mizigo, utakuta watu wanatoa simu, nywele za binadamu, vipuri vya mashine iliyosimama kiwandani na sampuli. Vitu hivyo si vyepesi kuliko mikoba yako. Sifa yao ni kwamba katoni moja ina thamani kubwa, au kila siku ya kusubiri inamkata mtu pesa.

Kwa mzigo ulioko godauni sasa hivi ningefanya hivi. Mikoba yote sita, meli. Kava uzitenganishe kwa aina ya simu. Za simu za zamani zifuatane na mikoba. Za simu mpya, kama zipo, zijaze katoni moja na uipandishe ndege, hata isipojaa kabisa, kwa sababu kava ni nzito kiasi kwamba utalipia mizani tu, mradi isishuke chini ya kilo zake za ujazo, ambazo ni 11.7. Katoni hiyo itakufungulia soko na kukuonyesha rangi gani inatoka, na nyingine ikifika kwa meli itakukuta tayari una wateja.

Kabla hujaruhusu mikoba ifungwe, kuna pesa imelala ndani ya katoni zenyewe. Mikoba inatoka kiwandani ikiwa imejazwa karatasi tumboni ili isimame vizuri dukani. Umekuwa ukilipia nauli ya karatasi na hewa. Mwombe muuzaji atoe karatasi, alaze mikoba na kuichomeka mmoja ndani ya mwingine pale inapowezekana. Mikoba laini 40 ikipangwa hivyo inaweza kuingia katoni ya sm 60 kwa 40 kwa 35, yaani CBM 0.084 badala ya 0.135. Kwa katoni 6 nauli ya meli inashuka kutoka dola 340 hadi 212, senti 88 kwa mkoba. Kwa ndege bado ungepata hasara ya kama senti 55 kila mkoba, kwa hiyo uamuzi haubadiliki, lakini dola 128 zimebaki kwako kwa kazi ya saa moja. Mikoba yenye fremu ngumu usiilaze, itavunjika. Na ile ya ngozi ya kutengenezwa, usiibane mpaka ikunjike kona, maana mkunjo uliokaa mwezi mzima ndani ya kontena lenye joto hautoki kwa urahisi. Wekea na vifuko vya kufyonza unyevu. Kontena linapopita bahari ya joto hutoa jasho kwa ndani, na ukungu kwenye mkoba mweusi mteja anauona kabla hajauliza bei.

Halafu angalia tumbo la katoni. Wakala hapimi katoni kama ilivyoandikwa kiwandani, anapima pale ilipotokeza zaidi. Katoni yako ya 60 kwa 50 kwa 45 ikijazwa kupita kiasi ikavimba sentimita 3 kwa kila kipimo, inapimwa 63 kwa 53 kwa 48. Ni kidogo kwa macho. Kwenye hesabu imekuwa kilo 26.7 badala ya 22.5, dola 55 zaidi kwa katoni moja ya ndege, na kwa meli dola 10 na ushee zaidi. Dai picha ya kila katoni ikiwa imelazwa kando ya futi, siku inapopokelewa godauni. Mawakala wazuri huituma bila kuombwa. Ukishapewa invoisi ya mwisho Dar, picha hiyo ndiyo ushahidi wako pekee, kwa sababu katoni huwa imeshabonyea njiani na haipimiki tena.

Kuhusu siku za meli, usizihesabu kuanzia meli inapong'oa nanga. Mzigo wa kuchanganya husubiri kontena lijae kwanza, na wakala mwenye wateja wachache anaweza kukuweka wiki mbili bila kukuambia. Muulize kontena lililopita lilifungwa tarehe ngapi na hili litafungwa lini. Kwenye kuelekea Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya mwisho wa Januari na Februari, viwanda hufunga na kila mtu anakimbilia kupakia kabla, kwa hiyo bei na foleni vyote hupanda. Kuna pia hatari usiyoweza kuiona: kontena lenu ni moja, na mwenzako mmoja akiwa ameandika vitu vingine kwenye karatasi na vingine ndani ya katoni, ukaguzi wa forodha unasimamisha kontena zima pamoja na mikoba yako. Dawa yake si ndege. Ni kumchagua wakala anayefungua na kukagua katoni za wateja wake kabla ya kupakia, hata kama hilo linakukera.

Kwa kuwa unauza vitu vya simu, siku moja utashawishika kuongeza pawabenki kwenye katoni ya kava. Usifanye hivyo kimyakimya. Betri za lithiamu za kuchajiwa zikisafirishwa peke yake, na pawabenki inahesabiwa hivyo, zimezuiwa kubebwa kama mzigo ndani ya ndege za abiria tangu Aprili 2016, na kwenye ndege za mizigo zinatakiwa zisizidi chaji ya asilimia 30, zikiwa na lebo na karatasi zake. Bei yake kwa kilo ni nyingine kabisa. Betri moja isiyotajwa inaweza kuzuia katoni nzima Guangzhou, na wakati mwingine mzigo wote wa wakala.

Jambo la mwisho ni hilo la "kodi humo humo". Kwa mzigo wako wa sasa, chini ya CBM moja, linakurahisishia maisha na siwezi kukuambia uliache. Lakini jua unachokosa. Mzigo hutolewa kwa jina la wakala, kwa hiyo nyaraka za forodha hazina jina lako. Siku utakaposajiliwa VAT, hutaweza kudai kurejeshewa ile iliyolipwa kwenye mzigo huo, na ofisa akija dukani kuuliza bidhaa zimeingiaje, unachoweza kumwonyesha ni risiti ya wakala tu. Mwambie akupe risiti ya kielektroniki inayotaja mzigo, si kikaratasi chenye muhuri.

Ukianza kutoa mzigo kwa jina lako, hesabu nayo inabadilika kwa namna ambayo wengi hawaijui. Ushuru wa forodha kwa mzigo wa meli unakokotolewa kwenye bei ya bidhaa pamoja na nauli na bima mpaka bandarini. Kwa mzigo wa ndege, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema nauli isiongezwe kwenye bei hiyo. Haitoshi kuifanya ndege iwe rahisi, ila kwa vitu vyenye ushuru wa asilimia 25 au 35 inapunguza pengo kidogo, na wakala asiyeangalia vizuri anaweza kukuongezea nauli ambayo haikupaswa kuwemo.

Kwa hatua hiyo usitegemee maandishi yangu. Nenda ofisini kwa wakala wa forodha mwenye leseni ya TRA, ukiwa na invoisi, orodha ya katoni zenye vipimo na uzito, na picha ya kila bidhaa. Mwambie akutafutie namba ya ushuru ya kila kitu na akuandikie makadirio kabla hujalipa Guangzhou. Fanya hivyo pia mara moja ukitaka kuleta chochote cha kupaka mwilini, cha kula, au cha umeme wa ukutani kama chaja, kwa sababu kwa bidhaa nyingi za aina hiyo TBS wanataka cheti cha ubora kinachotolewa huko huko China kabla ya kupakia, na kukitafuta mzigo ukiwa umeshafika Dar ni gharama nyingine juu ya nauli. Na mzigo wako wa meli ukianza kufika CBM 12 au 15 kwa safari, mwombe huyo huyo akulinganishie na bei ya kontena zima la futi 20, maana hapo unaweza kukuta unalipa karibu bei ya kontena huku ukitumia nusu yake.